Shajara ya mradi: lipi mfumo ulipe wenyewe, lipi limsubiri mhasibu

3 Februari 2025: Foleni kama tulivyoikuta

Mradi huu ni wa SACCOS ya walimu na wauguzi wa wilaya moja mkoani Morogoro. Wanachama wengi wako mbali na ofisi, kwa hiyo maombi karibu yote huingia kwa simu. Mwanachama anafungua menyu, anaweka namba ya siri, anachagua anachotaka, na ombi linakaa kwenye foleni. Kuna kutoa amana, kuhamisha amana kwenda kulipa mkopo, kuomba taarifa ya akaunti, kubadilisha namba ya simu, kubadilisha jina la mrithi na kujitoa uanachama. Mikopo mipya haimo humu. Hiyo ni kazi ya kamati ya mikopo kwa mujibu wa masharti ya chama, na hatutaigusa.

Mpaka leo hakuna ombi linalotekelezwa kabla mhasibu hajabonyeza "Idhinisha". Bodi inaona huo ndio usalama wenyewe. Kabla ya kuandika programu yoyote tulitaka kujua idhini hiyo inazuia nini hasa, tukachukua kumbukumbu za Januari, mwezi wa ada za shule, tukapima jambo moja tu: muda unaopita kati ya idhini moja na inayofuata. Asubuhi unaona nusu dakika, dakika nzima, wakati mwingine zaidi, maana mhasibu anafungua na leja. Kuanzia saa nane mchana ni sekunde mbili, tatu, mbili, ombi baada ya ombi. Hakuna anayeweza kusoma jina, namba na salio kwa sekunde mbili.

Nilipomwonyesha hakubisha. "Kaka, ikifika mchana mimi sisomi tena, nabonyeza tu. Yote si yaleyale?"

Kweli, mengi ni yaleyale: taarifa za akaunti, na watu wanaopunguza mikopo yao. Lakini ombi la kubadilisha namba ya simu linapita katikati ya msururu huo likiwa na sura ileile, kifungo kilekile cha kijani. Kwa hiyo chama kinalipia mara mbili. Mwanachama anangoja hadi kesho yake kwa jambo lisilohitaji mtu, na jambo linalohitaji mtu linapita bila kusomwa. Lengo tulilokubaliana na bodi ni kupunguza anayoletewa mhasibu mpaka yawe machache ya kutosha kusomwa. Kasi ya malipo itakuja yenyewe.

Anayetaka kuiga aanze na kipimo hiki. Hakihitaji chochote zaidi ya muda wa kila idhini, ambao mfumo wowote huwa unao.

20 Februari: Kikomo cha fedha, kivulini

Wazo la kwanza la kila mtu, bodi na sisi pia, lilikuwa kikomo: ombi lisilozidi shilingi 100,000 mfumo ulipe, linalozidi limsubiri mhasibu. Ni rahisi kueleza kwenye mkutano mkuu na ni mstari mmoja wa programu.

Hatukuliwasha moja kwa moja. Tuliongeza safu moja kwenye jedwali la maombi, `njia_kivuli`, ambamo mfumo unaandika ungefanya nini, huku ukiwa haufanyi lolote na mhasibu akiendelea kama kawaida. Halafu tukapitisha kanuni hiyohiyo kwenye maombi ya mwaka uliopita. Kazi hiyo ilichukua mchana mmoja, na ndiyo iliyotuokoa.

Kwa hesabu za jumla kikomo kilionekana kizuri sana, foleni ingepungua zaidi ya nusu. Tatizo lilijitokeza tulipochukua faili la malalamiko na kufuatilia kila lalamiko kwenye kumbukumbu. Nachukua moja, la mwalimu mstaafu. Jumatatu jioni liliingia ombi la kubadilisha namba yake ya simu. Jumatano asubuhi ombi la kutoa 90,000, mchana 95,000, Alhamisi 85,000. Jumla 270,000, zote zimekwenda kwenye namba mpya. Mtu wa nyumbani aliyeijua namba yake ya siri aliishika simu yake kwa dakika chache, akabadilisha namba, na kuanzia hapo hakuihitaji tena simu ya bibi. Menyu ilimtambua kwa simu yake mwenyewe, na ujumbe wa kila malipo ulimfikia yeye. Bibi aligundua mwisho wa mwezi.

Mhasibu aliidhinisha yote manne, na kikomo nacho kingeyapitisha yote manne. Ombi la hatari kuliko yote lilikuwa lile la kwanza, na kiasi chake ni shilingi sifuri. Upande wa pili kuna mwanachama ambaye kila Januari hutoa 600,000 za ada kwenda kwenye namba yake ileile ya miaka yote. Huyo kikomo kingemsimamisha kila mara, na mhasibu angebonyeza kwa sekunde mbili.

Kiasi kinakuambia hasara itakuwa kubwa kiasi gani. Hakikuambii anayeomba ni nani. Tumekibakiza, ila si swali la kwanza tena.

12 Machi: Swali tulilolitumia badala yake

Tulikaa na mhasibu na katibu, tukaliuliza kila aina ya ombi swali moja: likitekelezwa kimakosa, nani atagundua, lini, na tutalirudishaje?

Kuhamisha amana kwenda kulipa mkopo ndiko kulikotufungua macho. Fedha haitoki chamani. Ikikosewa, ni ingizo la kusahihisha kwenye leja na ujumbe wa samahani. Basi mfumo ufanye wenyewe, kiasi chochote. Hapo katibu akatushika mkono: malipo yakimaliza mkopo, wadhamini wanaachiliwa na akiba zao zinafunguliwa siku hiyohiyo. Mdhamini akishaichukua akiba yake kuwa dhamana ya mkopo mwingine, lile ingizo la kusahihisha halisahihishi kitu tena. Kwa hiyo rejesho la kawaida ni la mfumo, rejesho linalofunga mkopo ni la mtu. Aina ni moja na menyu ni moja, ila moja lina mlango wa kurudi na jingine halina. Usingeliona hilo kwa kuangalia majina ya maombi.

Jina la mrithi halitoi hata senti, lakini kosa lake hugunduliwa siku ambayo mwenyewe hayupo tena kuulizwa. Hilo ni la mtu siku zote, na mwanachama afike ofisini au athibitishwe na mjumbe wa tawi lake. Kujitoa uanachama vilevile. Taarifa ya akaunti inakwenda kwenye simu ileile iliyoomba, mfumo uitume.

Kubadilisha namba kulituchelewesha. Ukimpa mhasibu, ataona nini? Jina, namba ya zamani, namba mpya. Hana cha kulinganisha nacho, atabonyeza. Anayejua ukweli ni mwanachama mwenyewe, na anachohitaji ni muda wa kupiga kelele. Hapo ikaja njia ya tatu, isiyo ya mfumo wala ya mtu: kusubiri. Ombi linakaa saa 72. Namba ya zamani inapokea ujumbe mara tatu: papo hapo, kesho yake asubuhi, na saa chache kabla muda haujaisha. Ni mara tatu kwa sababu aliyeishika simu kwa dakika tano anaufuta ujumbe wa kwanza. Ujumbe unasema namba gani inataka kuingia na namba ya ofisi ya kupiga kuzuia. Baada ya saa 72 namba inabadilika, lakini kwa siku 14 zinazofuata kila ombi la kutoa amana linakwenda kwa mhasibu, kiasi chochote kiwe.

Aliyepoteza laini kabisa hana namba ya zamani ya kupokelea chochote. Huyo anapitia kwa mjumbe wa tawi. Kila shule na kila kituo cha afya kina mjumbe, na mjumbe anamjua mtu kwa sura.

Kanuni nzima, baada ya kuondoa mapambo:

```python
def njia(o, m):
    if o.mwombaji_ni_mfanyakazi:
        return "MTU"
    if o.aina == "TAARIFA":
        return "MFUMO"
    if o.aina == "BADILI_NAMBA":
        return "SUBIRI"
    if o.aina == "LIPA_MKOPO":
        return "MTU" if o.inafunga_mkopo else "MFUMO"
    if o.aina == "KUTOA":
        if m.siku_tangu_namba < 14:
            return "MTU"
        if m.jumla_saa_24 + o.kiasi > KIKOMO:
            return "MTU"
        return "MFUMO"
    return "MTU"
```

Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Aina mpya ya ombi ikiongezwa mwakani na mtu asiyeijua shajara hii, itaangukia kwa mhasibu mpaka mtu aamue vinginevyo kwa maandishi. Mstari wa kwanza unamhusu mhasibu mwenyewe na wenzake wa ofisini: maombi yao yanaidhinishwa na mwenyekiti.

Kuna tundu ambalo kanuni hii hailizibi. Tapeli akienda kurudisha laini ya mwanachama kwa njia za ujanja, namba haibadiliki. Kwetu ni namba ileile, mtu yuleyule, na ujumbe wa tahadhari unamfikia tapeli. Kumpigia simu ni kumpigia tapeli. Chama chetu hakina njia ya kuuliza laini fulani ilirudishwa lini. Kinachobaki ni namba ya siri, ambayo haiko ndani ya laini, na kikomo cha saa 24, ambacho hapa ndipo kinapofanya kazi yake halisi: hakizuii wizi, kinaupimia kiasi. Ndiyo maana tulikibakiza kwenye 100,000 japo bodi ilitaka 300,000.

4 Aprili: Wiki ya kuelekea Idd

Tuliwasha taarifa na marejesho ya mkopo kwanza, halafu kutoa amana kabla tu ya msongamano wa Idd. Wengine wangengoja msongamano upite. Sisi tulitaka kuuona.

Jambo la kwanza lililoharibika ni kanuni moja ambayo sikuionyesha hapo juu, kwa sababu haipo tena. Kabla ya kulipa, mfumo unauliza jina lililosajiliwa kwenye namba ya simu. Tulisema jina lisipolingana na la mwanachama, ombi liende kwa mtu. Siku ya kwanza foleni ya mhasibu ikajaa kama zamani. Majina yamepangwa kinyume, jina la kati limeachwa, mwalimu kaolewa na kitambulisho chake kina jina la ubini la zamani. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au cha mtoto, na wanazitumia hivyo miaka nenda rudi bila shida yoyote. Mhasibu alianza tena kubonyeza kwa sekunde tatu.

Tulijaribu kulegeza ulinganishaji, maneno mawili kati ya matatu yakifanana basi, lakini hiyo ilipunguza kelele kidogo tu. Kilichofaa ni kubadilisha kinacholinganishwa. Sasa mfumo unahifadhi jina lililorudi kwenye malipo ya mwisho yaliyofanikiwa, na unauliza: jina la leo ni lilelile la mara iliyopita? Laini ya mume iliyolipwa miaka miwili inapita. Laini ambayo wiki iliyopita ilikuwa ya mume na leo ni ya mtu mwingine inasimama. Kwa malipo ya kwanza kabisa ya mwanachama, mhasibu anaangalia jina mara moja, na jina hilo linakuwa la kulinganishia.

Jambo la pili lilikuwa dogo kwa macho. Mwanachama mmoja aliomba 60,000, menyu ikaganda, akaomba tena. Kikomo cha saa 24 ni 100,000, kwa hiyo la pili lilipaswa kwenda kwa mhasibu. Yote mawili yalilipwa, 120,000. Tuna michakato miwili inayochukua maombi kwenye foleni. Kila mmoja ulichukua ombi moja kwa wakati mmoja, kila mmoja ukasoma jumla ya siku hiyo kuwa sifuri, kila mmoja ukaridhika. Fedha ni zake na hakulalamika, ila kikomo kinachovukwa kwa kubonyeza haraka si kikomo.

Dawa ni kufunga mstari wa mwanachama kabla ya kujumlisha, ili ombi la pili lingoje la kwanza liandikwe:

```sql
SELECT id FROM wanachama WHERE id = $1 FOR UPDATE;
```

Na jumla sasa inahesabu pia maombi yaliyo njiani, si yaliyolipwa tu. Bila hilo, kufunga mstari hakusaidii, kwa sababu la kwanza linaweza kuwa bado halijapata jibu la mtandao wakati la pili linapojumlisha.

25 Aprili: Idhini iliyoachwa nyuma na ombi lake

Hili lilionekana kwenye majaribio. Mhasibu anafungua ombi la 150,000 saa nne asubuhi, anasoma, anaitwa dirishani. Menyu yetu inamruhusu mwanachama kurekebisha ombi ambalo halijalipwa, basi mwanachama analibadilisha kuwa 400,000. Mhasibu anarudi, ukurasa wake bado unaonyesha 150,000, anabonyeza. Mfumo unalipa 400,000 na kumbukumbu inasema mhasibu aliidhinisha. Kwenye ukaguzi huyu dada angejibu nini?

Shida ni kwamba idhini yetu ilikuwa inashikamana na namba ya ombi, si na kilichomo ndani yake. Sasa kila ombi lina alama, yaani muhtasari wa SHA-256 wa aina, kiasi, namba ya kupokelea na mwanachama. Ukurasa wa mhasibu unabeba alama hiyo, na kubonyeza kunairudisha. Mfumo unachukua ombi kwa sharti kwamba alama haijabadilika:

```sql
UPDATE maombi SET hali = 'INATUMWA'
WHERE id = $1 AND hali = 'INASUBIRI' AND alama = $2;
```

Ikirudi mistari sifuri, hakuna kinacholipwa, na mhasibu anaambiwa ombi limebadilika, alisome upya. Amri hiyohiyo inazuia watu wawili kuidhinisha ombi moja, kwa kuwa wa pili atakuta hali si `INASUBIRI` tena.

Tuliongeza na muda wa kuisha. Ombi lililokaa kwa mhasibu saa 48 linafutika na mwanachama anaambiwa aombe tena. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka kinyume chake: muda ukiisha, lipite lenyewe, mwanachama asiumie kwa uzembe wa ofisi. Hoja yake ina uzito, ila maombi yanayokaa muda mrefu kwa mhasibu ndiyo yaleyale yenye mashaka. Ukiyapitisha kwa kimya, anayetaka kupita anachohitaji ni kungoja sikukuu ndefu. Tulikubaliana kimya kiwe hapana, na ombi likifika saa 24 katibu anapata ujumbe.

Jaribio lililotunyima usingizi ni la kuzima seva kwa makusudi. Ukituma malipo kwa mtandao wa simu, jibu la kwanza ni la kupokea tu: tumelipata ombi lako. Matokeo huja baadaye, kwa anwani yako. Tuliizima seva katikati ya hayo mawili. Ilipowaka, mchakato ulikuta ombi lina hali ya `INATUMWA`, ukadhani halikutoka, ukalituma tena. Kwenye mtandao wetu wa majaribio mwanachama wa kubuni akalipwa mara mbili.

Hapa ndipo mgawanyo wa mfumo na mtu unapopinda. Ombi lenyewe lilikuwa la mfumo kabisa: dogo, namba ya zamani, ndani ya kikomo. Kulituma tena ni uamuzi mwingine, na si wa mfumo, kwa sababu hakuna anayejua kama fedha imetoka. Tumeongeza hali ya `HAIJULIKANI`. Ombi likiwa humo, mfumo unaruhusiwa kufanya jambo moja tu: kuuliza mtandao hali ya muamala kwa rejea ileile iliyotumika mwanzo. Jibu likiwa "umelipwa", ombi linafungwa. Likiwa "umeshindikana", linarudi foleni. Jibu lisipopatikana ndani ya saa moja, linakwenda kwa mhasibu, na yeye naye hana kifungo cha "Tuma tena" mpaka aandike namba ya rejea aliyoiona kwenye taarifa ya muamala ya mtandao. Tulimnyima kifungo hicho kwa makusudi. Mwanachama akipiga simu analia kwamba fedha haijafika, mkono wa huruma huwahi.

19 Mei: Ukurasa wa mhasibu

Foleni yake sasa inamalizika kabla ya chakula cha mchana. Muda kati ya idhini na idhini umepanda tena hadi nusu dakika na zaidi. Hicho ndicho kipimo tulichoanza nacho, na tunakiangalia kila Ijumaa. Kikishuka tena ni dalili kwamba kuna kanuni inamletea vitu visivyo na maana.

Ukurasa wenyewe tuliubadilisha zaidi ya tulivyopanga. Zamani ulionyesha kila kitu kuhusu mwanachama, na sababu ya ombi kuwa pale haikuonekana popote. Sasa sentensi ya juu kabisa ndiyo sababu, kwa Kiswahili cha kawaida: "Namba ilibadilika siku 5 zilizopita. Hili ni ombi la kwanza la kutoa tangu hapo." Chini yake namba ya zamani, namba mpya, na simu ya mjumbe wa tawi. Vifungo ni vitatu: Lipa, Nimpigie kwanza, Kataa. Vyote rangi moja, na hakuna kinachobonyezeka kwa kitufe cha Enter.

"Nimpigie kwanza" hakikuwepo kwenye mpango. Mhasibu alikiomba, kwa sababu alipokuwa na mashaka alikuwa analiacha ombi wazi na kusahau. Sasa ndicho anachokitumia kwa maombi mengi yanayofuata mabadiliko ya namba.

Jingine lililotokana na mazungumzo ni kwamba, ukiacha ombi lililoisha muda, mfumo hausemi hapana. Unaweza kulipa wenyewe, unaweza kusubirisha, lakini kukataa ombi la mtu kwa sababu ya kanuni ni kazi ya mhasibu, na lazima aandike kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki anapoamuliwa jambo na mashine peke yake, ila kusema kweli sababu yetu ilikuwa ya dirishani. Mwalimu aliyesafiri kutoka kijijini kuuliza kwa nini amekataliwa hawezi kujibiwa "mfumo umekataa".

Kwa yale yanayopita bila mtu, kila asubuhi mfumo unachagua machache kwa bahati nasibu na kumletea mhasibu ayakague baada ya kulipwa. Hilo halizuii chochote. Linatuambia kama kanuni zimeanza kupotoka. Mpaka sasa limetoa kosa moja: ombi la mjane aliyekuwa anatumia uanachama wa marehemu mumewe, namba ileile, namba ya siri ileile, kiasi kidogo kila mwezi. Kila kanuni ilimpitisha, na mhasibu alimjua kwa sababu alikwenda msibani. Chama kinamsaidia kufungua mirathi. Kanuni hatukuigusa.

16 Juni: Gharama na yaliyobaki

Seva ilikuwepo, shilingi 60,000 kwa mwezi, haikuongezeka. Ujumbe wa tahadhari tatu kwa kila badiliko la namba ni fedha ndogo, kwa kuwa watu hawabadilishi namba kila siku. Mjumbe wa tawi anapewa vocha ya 2,000 kwa mwezi kwa simu za uthibitisho, na hiyo ndiyo gharama kubwa mpya, maana matawi ni mengi. Kazi ya kuandika programu ilikuwa chini ya nusu ya kazi yote. Iliyobaki ilikuwa kusoma faili la malalamiko, kukaa na katibu, na kuvunja mfumo kwa makusudi. Kama ningeambiwa nipunguze mahali, ningepunguza kwenye programu.

Malalamiko tuliyopokea tangu tuwashe ni ya saa 72. Muuguzi mmoja alibadilisha mtandao mwezi ambao mtoto alikuwa amelazwa, akakuta fedha zake zimefungwa kwa kusubiri. Mjumbe wa tawi alimthibitisha siku hiyohiyo, lakini alikuwa hajui kwamba njia hiyo ipo. Ujumbe tunaomtumia mwanachama anapoomba kubadilisha namba sasa unataja jina na simu ya mjumbe wake.

Bado kikomo. Bodi imeomba tena kiongezwe hadi 300,000. Tumependekeza kiongezwe kwa mwanachama mmoja mmoja, kwa kuangalia kiasi alichozoea kutoa, ili mwenye ada za Januari asisimamishwe na mwenye mazoea ya 20,000 asitolewe 300,000 kwa usiku mmoja. Kanuni hiyo iko kwenye `njia_kivuli` tangu wiki iliyopita. Itakaa humo hadi Januari ipite, kwa sababu ndiyo mwezi pekee utakaoonyesha kama inafaa.